Kuruka steji: kujumlisha kwa mstari wa nambari, kutoka miguuni hadi kichwani

Msimamishe mtoto wa miaka sita kwenye nambari 5 ya mstari uliochorwa sakafuni, kisha mwambie aongeze 3. Wengi watafanya hivi: atatazama miguu yake pale kwenye 5 na kusema "moja", ataruka hadi 6 na kusema "mbili", ataruka hadi 7 na kusema "tatu". Halafu anageuka, macho yanang'aa: "Ticha, ni saba!"

Huyu hajashindwa kuhesabu. Tatu yake ameihesabu vizuri kabisa. Shida ni kile alichokihesabu. Amehesabu mahali aliposimama, na alitakiwa kuhesabu miruko. Nimefundisha Gredi ya 1 hapa Kisumu kwa miaka kadhaa na kila darasa jipya linaniletea kosa hili hili, tena kwa watoto ambao nyumbani wanahesabu hadi mia bila kukwama. Likiachwa, halibaki sakafuni. Linahamia kwenye rula, kutoka kwenye rula linahamia vidoleni, na mtoto anafika Gredi ya 3 majibu yake yote yakipungua kwa moja.

Kwa hiyo mwongozo huu umejengwa juu ya jambo hilo moja: kumfanya mtoto ajue kwamba anapojumlisha kuna hesabu mbili zinazokwenda pamoja, hesabu ya mahali anapotua na hesabu ya miruko anayoruka. Tukizitenganisha vizuri tukiwa bado tunaruka kwa miguu, kuzihamishia kichwani hakutakuwa kazi kubwa.

Kuchora mstari

Anza na mstari wa 0 hadi 10. Kwenye veranda ya saruji chaki inatosha. Chora mstari mmoja mrefu ulionyooka, kisha ukate kwa alama fupi, na kati ya alama moja na nyingine uache takriban sentimita 35. Hiyo ni rula ya kawaida ya darasani na vidole vitatu juu yake. Ni mruko ambao mtoto wa miaka sita anauweza kwa miguu miwili pamoja bila kuyumba. Mstari mzima utakuwa na mita tatu na nusu. Baadaye ukiurefusha hadi 20 utahitaji mita saba.

Kama uwanja ni wa udongo, kwaruza mstari kwa kijiti na ujaze majivu. Au chukua kamba ya katani, uifunge fundo kila sentimita 35, na kando ya kila fundo uweke kifuniko cha soda kilichoandikwa nambari. Mimi huipenda kamba kuliko chaki kwa sababu ya mvua zetu za alasiri. Wingu likitanda juu ya ziwa unaikunja kamba, unaingia nayo darasani. Chaki kesho yake huikuti.

Alama ziwe vistari, zisiwe masanduku. Hapa ninasema kwa uchungu, maana katika shule niliyofundisha zamani nilichora masanduku kumi kwa rangi ya mafuta, sanduku la kwanza likiwa 1. Yalipendeza sana. Halafu nikakaa nayo mihula miwili nikipambana na fujo niliyojitakia. Mtoto akiwa ndani ya sanduku la 1 bado hajaruka popote, lakini tayari ana moja, na hapo ndipo anapojifunza kuhesabu mahali aliposimama. Kwenye mstari wenye vistari, 3 ni miruko mitatu kutoka mwanzo, na mwanzo ni sifuri. Ukiacha sifuri umemnyang'anya mtoto mahali pa kuanzia.

Watoto husumbuka na sifuri kwa kuwa wanaijua kama "hakuna kitu". Kwa wenzetu wa upande wa Maseno ni rahisi kueleza: ikweta inapita hapo hapo barabarani, ni nyuzi sifuri, na bado ni mahali unapoweza kusimama na viatu vyako. Sifuri ya mstari wetu ni hivyo. Safari bado haijaanza, lakini gari lipo.

Jambo lingine dogo linaloharibu mengi ni pale watoto wanapokaa. Usiwakalishe pande zote mbili za mstari. Walioko upande wa pili wanaiona 10 kushoto na 0 kulia, na ukihamia ubaoni watachora miruko ikirudi nyuma wala hutaelewa kwa nini. Wote wakae upande mmoja, sifuri ikiwa kushoto kwao. Na fanyeni mchezo huu asubuhi. Ikifika saa tano saruji ya Kisumu inachoma nyayo, na kandambili ni lazima zivuliwe kwa sababu zinateleza.

Siku mbili tatu za kusafiri tu

Kabla ya kujumlisha lolote, mtoto asafiri kwenye mstari. Mimi hutumia barabara ya Kakamega kwa sababu wengi darasani wameipita wakienda kwa nyanya zao. Kondele tunaipa sifuri. Mamboleo ni 1, Kiboswa 2, Majengo 3, Mbale 4, Chavakali 5, Khayega 6, Kakamega 7. Steji ni nyingi kuliko hizo, lakini hizi zinatutosha.

Muulize mtoto: "Umepandia Kiboswa, nimekulipia steji tatu. Utashukia wapi?" Mtoto atataja Majengo, Mbale, Chavakali, na kushuka. Hakuna mtoto atakayekuambia kwamba Kiboswa ni steji ya kwanza, kwa sababu hapo ndipo alipopandia. Hakuna makanga anayekutoza nauli ya mahali ulipokuwa umesimama ukingoja gari. Maarifa haya mtoto anayo tayari. Kazi yetu ni kumwonyesha kwamba 2 na 3 ni safari hiyo hiyo.

Siku hizi mbili tatu utembee naye tu, mbele na nyuma, akitaja kila nambari anayotua juu yake. Simamisha gari ghafla na uulize, "Tuko wapi?" Mtoto ajibu bila kurudi sifuri kuanza kuhesabu upya. Anayelazimika kurudi sifuri bado hajawa tayari kujumlisha. Muongezee siku, wala usiwe na haraka.

Dereva, makanga na mkebe

Sasa tunajumlisha, na hesabu zile mbili tunawapa watoto wawili tofauti. Mmoja ni dereva: yeye ndiye anayeruka, na kinywa chake kinataja nambari anayotua tu. Mwingine ni makanga: ana mkebe mtupu na vijiwe vichache, na kazi yake ni miruko. Kila dereva anapotua, makanga anadondosha kijiwe kimoja mkebeni. Vijiwe vikiisha mkononi, safari imeisha.

Tuchukue 5 + 3. Dereva anakwenda kusimama kwenye 5. Anakwenda kwa kutembea, haruki kutoka sifuri, kwa sababu tano ni mahali alipo tayari. Darasa linauliza: "Uko wapi?" Anajibu, "Tano." Makanga anafungua kiganja na kuwaonyesha wote vijiwe vitatu. Darasa linavihesabu. Kisha dereva anaruka, anatua kwenye 6, kijiwe kinalia mkebeni, dereva anasema "sita". Anaruka tena, kijiwe cha pili, "saba". Anaruka mara ya mwisho, kijiwe cha tatu, "nane". Makanga anaonyesha kiganja kitupu. "Umefika wapi?" "Nane!" Ndipo unaandika ubaoni 5 + 3 = 8, ukigusa kila sehemu kwa kidole: hapa alipopandia, hivi ndivyo vijiwe, hapa aliposhukia.

Yote yanategemea kijiwe kuanguka kwa wakati wake. Kianguke miguu inapotua, si dereva akiwa bado amesimama pale alipopandia. Ukimwona makanga anadondosha kijiwe kabla ya mruko wa kwanza, simamisha gari, maana ni kosa letu la mwanzo limerudi likiwa limevaa nguo nyingine. Muulize tu: "Gari limesogea?" Mara nyingi mtoto atacheka na kukiokota kijiwe chake.

Kabla wiki haijaisha, mpe makanga mkono mtupu na useme 5 + 0. Dereva atangoja. Darasa litangoja. Halafu mmoja atapasuka kwa kicheko, "Hatuendi popote!" Ukiipata siku hiyo umeokoa somo zima la sifuri.

Darasa likiwa na watoto hamsini, mstari mmoja hautoshi, na wanaongoja watachokozana. Kamba nne za katani zinaleta makundi manne, na katika kila kundi kuna dereva, makanga na waulizaji. Badilisha kazi baada ya kila safari. Mtoto aliyekuwa makanga anajifunza kuliko aliyekuwa dereva, kwa hiyo asiachwe mtu mmoja kushika mkebe kipindi kizima.

Mchezo wa dadu, na mchezo wa kukisia

Dadu ya ludo inafaa, ila ina nambari kubwa mno kwa kuanzia. Bandika karatasi juu ya 4, 5 na 6, uandike 1, 2 na 3 tena. Watoto wawili wanaanza sifuri kwenye kamba mbili zilizolala sambamba, wanarusha dadu kwa zamu, wa kwanza kufika kumi ameshinda. Sheria ni moja tu: ukiwa kwenye 4 ukapata 2, useme "tano, sita". Anayesema "moja, mbili" anarudi alipokuwa na kurudia.

Sheria hiyo inaonekana kama ukali wa bure, lakini ina sababu. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani, Robert Siegler na Geetha Ramani, walichapisha utafiti kuhusu watoto wa shule ya awali waliocheza mchezo wa ubao wenye nambari zilizopangwa kwa mstari. Baada ya vipindi vinne vifupi tu watoto hao walizijua nambari na ukubwa wake vizuri zaidi, na wenzao waliocheza ubao wa rangi bila nambari hawakupata faida hiyo. Watoto walikuwa wakitaja nambari za mahali walipopita. Anayesema "moja, mbili" kila zamu anabaki na moja na mbili, na mstari wenyewe haumwingii.

Mchezo wa pili ndio ninaoupenda kuliko yote, na kama una muda wa mchezo mmoja tu chagua huu. Tunauita Kisia Kwanza. Dereva anasimama kwenye 4. Makanga anaonyesha vijiwe vitatu. Kabla ya kuruka, dereva anarusha kifuniko cha soda pale anapodhani atatua. Kisha anaruka na kuangalia kama atakikanyaga.

Siku ya kwanza vifuniko vitaanguka kila mahali. Siku ya tatu utaona jambo: mtoto ananyamaza kidogo kabla ya kurusha. Macho yanasogea, 5, 6, 7, kichwa kinatikisika kidogo kwa kila kimoja. Hapo miguu haijasogea hata kidogo. Huo ndio mruko wa kwanza wa kichwani, na ameufanya mwenyewe kwa sababu anataka kukikanyaga kifuniko. Usimsifie sana ukamkatiza. Mwache arushe.

Kuanza na kubwa

Mpe mtoto 2 + 7 naye atasimama kwenye 2 na kuruka mara saba, mpaka achoke. Usimwambie kwamba angeweza kuanza na 7. Laza kamba mbili sambamba, weka dereva mmoja kwenye 2 na vijiwe saba, mwingine kwenye 7 na vijiwe viwili, na uwaambie waanze pamoja. Wa pili atafika kumi kasoro moja na kukaa chini wakati mwenzake bado anahema. Wote wamefika 9. Waulize darasa: "Kwa nini?" Waache wabishane.

Mtoto atakayesema "huyu alikuwa karibu" amefika. Siku inayofuata ukimpa 1 + 8, utamwona anaikimbilia 8. Wachache watadai kwamba hiyo ni udanganyifu kwa kuwa hesabu imeandikwa 1 kwanza. Rudia mbio za kamba mbili mpaka waridhike, hata kama ni mara nne.

Kuipumzisha miguu

Hapa ndipo walimu na wazazi wengi wanapokosea, na mimi nimo. Tunaruka uwanjani wiki mbili, halafu Jumatatu tunampa mtoto daftari lenye hesabu ishirini, kama kwamba ile miruko ilikuwa burudani tu. Miguu inaachwa polepole, na kila hatua ibebe kitu kidogo kutoka hatua iliyotangulia.

Kwanza kidole. Chora mstari wa 0 hadi 10 kwenye ukanda wa karatasi ngumu, kama ule wa katoni ya sabuni, na mtoto aruke kwa kidole. Sheria ni zile zile: kidole kinaanzia kwenye nambari alipopandia, kinywa kinataja anapotua. Makanga sasa ni mkono wake wa kushoto. Vijiwe vitatu vimekuwa vidole vitatu vilivyonyooshwa, na anakunja kimoja kwa kila mruko. Mkono mmoja unahesabu miruko, mwingine unasafiri. Atababaika siku mbili za mwanzo, maana kazi za watu wawili amezichukua mtu mmoja. Akizidiwa, mrudishie makanga.

Kisha penseli. Mtoto anachora vile vilima vidogo kutoka 5 hadi 6, hadi 7, hadi 8. Angalia mahali vilima vinapoanzia. Kilima kikianzia hewani kabla ya 5, mtoto anahesabu mahali tena.

Akiweza hayo, futa nambari. Chora mstari mtupu, bila alama yoyote. Mtoto anaweka 5 mahali popote anapotaka, anachora kilima kimoja kikubwa, anaandika +3 juu yake, na mwishoni anaandika 8. Walimu wa Uholanzi ndio walioupa mstari mtupu nafasi kubwa katika masomo ya hesabu, miaka ya 1990, na uzuri wake ni kwamba hauna kitu cha kuhesabia. Hakuna vistari vya kugusa kimoja kimoja. Mtoto analazimika kuijua safari kabla ya kuichora. Urefu wa kilima usikusumbue, hii ni picha ya safari, si ramani.

Mwisho ni macho. Mwambie afumbe macho, ajione amesimama uwanjani kwenye 6. "Ruka miwili. Uko wapi?" Anza na miruko ya 1 na 2 peke yake, hata kwa mtoto mwepesi. Mruko wa 3 unafuata. Kuanzia 4 kwenda juu, kuruka mmoja mmoja kichwani kunaanza kumpotea, na hilo ni jambo la kawaida kabisa. Hapo anahitaji njia nyingine.

Kumi ni steji kubwa

Mpe mtoto 8 + 5. Kuruka mmoja mmoja ni 9, 10, 11, 12, 13, na katikati ya safari amesahau amebakiza mingapi. Tunamfundisha kusimama kumi.

Kuna mambo mawili lazima ayajue kwanza, na bila hayo usijaribu. La kwanza ni marafiki wa kumi: 9 na 1, 8 na 2, 7 na 3, 6 na 4, 5 na 5. Ukisema "nane" ajibu "mbili" papo hapo. La pili ni kuigawa nambari ndogo: 5 ni 2 na 3, au 4 na 1. Mambo haya mawili yanafundishwa kwa vijiwe kwenye meza, dakika chache kila asubuhi, kwa wiki kadhaa. Ukimkuta mtoto anakwama kwenye 8 + 5, mara nyingi shida haiko kwenye kumi. Iko kwenye moja ya haya.

Rudi sasa kwenye mstari mrefu wa 0 hadi 20 na kwenye 10 weka kitu kikubwa, tairi kuukuu au kiti cha plastiki. Hii ni steji ambayo kila gari lazima lisimame. Dereva yuko 8, makanga ana vijiwe vitano. "Vingapi vinatufikisha kumi?" Viwili. Makanga anaviweka viwili mkebeni kwa pamoja, na dereva anaruka mruko mmoja mkubwa hadi 10, hata kama ni kwa kukimbia. "Mkononi vimebaki vingapi?" Vitatu. Mruko mkubwa wa pili, hadi 13. Miruko mitano imekuwa miwili.

Lugha yetu inatusaidia mno hapa. Kumi na tatu ni kumi, na tatu. Hakuna cha kukariri. Watoto wanaozungumza Dholuo nyumbani wana bahati hiyo hiyo, kumi na moja ni apar gachiel, kumi na moja kweli. Kwa hiyo mtoto akishatua kumi na kujua amebakiwa na tatu, jibu anakuwa amelitamka tayari. Msikilize: "kumi… na tatu". Ule mnyamazo mdogo katikati ni steji.

Ubaoni chora mstari mtupu, 8 kushoto, kilima cha +2 hadi 10, kilima cha +3 hadi 13. Kisha 9 + 4, halafu 7 + 5. Kuanzia na 9 ni rahisi kwa sababu mruko wa kwanza ni mmoja tu. Ukipanga hesabu zako, 9 zitangulie, 8 zifuate, 7 na 6 zije mwisho. Mtoto wa miaka sita asiyefika kwenye 7 + 6 kichwani mwaka huu hana tatizo lolote. Ataifikia mwaka ujao.

Kusoma majibu yaliyokosewa

Jibu likipungua kwa moja, tena kila mara, mtoto anahesabu mahali alipopandia. Dawa ni mkebe na vijiwe, siku moja au mbili. Jibu likiwa sahihi mara moja na mara nyingine limezidi au kupungua bila mpango, angalia kama anaruka nambari anapotaja. Wapo wanaosema "sita, nane" bila kujua, nao wanahitaji kutembea tu kwenye mstari, hawahitaji kujumlisha. Jibu likienda mbali sana, kama 6 + 3 kuwa 12, amesahau kusimama, kwa maana hana makanga kichwani bado. Mrudishie vidole.

Lililo gumu kuliona ni mtoto anayepata yote. Nimewahi kuwa na mmoja wa aina hiyo, safi kabisa daftarini. Siku moja nikakaa kando yake nikamwona chini ya meza: kwa 6 + 2 alihesabu vidole sita, moja hadi sita, kisha viwili, kisha vyote nane kutoka mwanzo. Kila hesabu alikuwa anairudia safari yote kutoka Kondele. Ukitaka kumjua mtoto wa namna hii usitazame jibu, tazama muda. Mpe 3 + 1, kisha 9 + 1. Kwa mtoto anayeruka kutoka kwenye nambari, zote mbili zinachukua muda sawa. Anayeanza sifuri atachelewa sana kwenye ya pili.

Mtoto akianza kujibu bila vidole, muulize alivyofika, lakini kwa maneno ya mchezo: "Umeshukia wapi njiani?" Binti mmoja wa mwaka jana nilimpa 9 + 4. Alitazama dari. Ndani ya viatu vyake vya raba niliona vidole vya miguu vikikunjika mara moja, vikatulia, vikakunjika tena. "Kumi na tatu," akasema. Nikamuuliza alivyofika. "Nilishuka kumi, Ticha, nikapanda nyingine."